Mahojiano ya kulipwa: Namna ya kuingia, kulinda siri zako na kutoka na chapaa yako yote

Meseji yenyewe huwa fupi. "Habari, tunatafuta vijana wa miaka 18 hadi 24 wanaonunua bando za siku. Kikao ni Jumamosi, masaa mawili, malipo 2,000. Kama uko free nijibu." Nambari huijui, jina la kampuni halipo, na wewe unabaki ukijiuliza kama huyu ni mkora au ni pesa halali inakupitia.

Inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili. Kampuni kama Ipsos, Infotrak na TIFA wengi wetu tunazijua kwa kura za maoni wakati wa siasa, lakini katika biashara ya utafiti kuna kazi nyingine isiyotangazwa kwenye habari za saa moja. Kiwanda cha sabuni kinataka kujua kwa nini umehamia sabuni nyingine. Benki inataka kujua kwa nini ulifungua akaunti kisha ukaiacha ikiwa tupu. Hawawezi kukisia, kwa hivyo wanatafuta watu kama wewe, wanawakalisha mezani na kuwalipa ili waongee.

Tangu niachane na chuo nimekaa kwenye meza hizo mara kadhaa, na nimeongea sana na wale wanaotuma hizo meseji. Hapa nitakupitisha hatua kwa hatua, kuanzia meseji inapoingia hadi ile ya M-Pesa inapofuata. Kuna savei za simu zinazolipa kredo, kama zile za GeoPoll, na majopo ya mtandaoni yanayolipa kwa pointi, na nitazigusa baadaye. Ila nitakaa zaidi kwenye kikao cha ana kwa ana, kwa sababu hapo ndipo malipo yanatosha kukutoa nyumbani, na hapo pia ndipo watu huliwa pesa zao bila kujua.

Jua kwanza pesa inapitia mikono ya nani

Mwenye pesa ni kampuni inayotaka majibu, tuseme ya simu au ya vinywaji. Hiyo inaajiri kampuni ya utafiti. Kampuni ya utafiti nayo mara nyingi haitafuti watu yenyewe. Inampa kazi msajili, mtu wa kujitegemea mwenye simu mbili na daftari lililojaa nambari za watu wa kila mtaa. Msajili ndiye aliyekutumia ile meseji.

Ukiuelewa mnyororo huo, mambo mengi yataacha kukushangaza. Utaelewa kwa nini meseji imetoka kwa nambari ya mtu binafsi, na kwa nini mara nyingi hatataja bidhaa inayofanyiwa utafiti, kwa kuwa mteja hataki uje ukiwa umejiandaa. Utaelewa pia kwa nini malipo huweza kuchelewa, maana kila mkono unasubiri mkono wa juu yake.

La muhimu zaidi ni hili: msajili hulipwa na kampuni ya utafiti kwa kila mtu anayemleta. Malipo yako ni bajeti nyingine kabisa. Mtu akikuambia "ile elfu mbili, mia tano ni yangu ya kukuunganisha," anakula mara mbili.

Kabla ya kujibu chochote, muulize anafanyia kampuni gani kazi hiyo. Msajili wa kweli anaweza kuficha jina la mteja, lakini jina la kampuni ya utafiti hana sababu ya kulificha. Ukishalipata, tafuta nambari ya ofisi yao kwenye tovuti yao wenyewe, usitumie ile aliyokupa yeye. Piga, uliza kama wana kikao Jumamosi na kama huyo mtu anawasajilia. Kuna pia chama cha watafiti wa soko na jamii hapa Kenya, kinachojulikana kama MSRA, na unaweza kuuliza kama kampuni hiyo ni mwanachama. Simu ya dakika tatu itakupa jibu ambalo kubishana kwenye WhatsApp siku nzima hakuwezi kukupa.

Maswali ya mchujo: hawatafuti mwerevu

Ukikubali, msajili atakupigia na kukusomea maswali kama kumi na tano. Huo ndio mchujo. Wengi huuchukulia kama mtihani, wanajaribu kukisia jibu "sahihi", kisha wanaanguka. Ukweli ni kwamba anajaza nafasi zilizokwisha kupangwa. Karatasi yake inasema anahitaji watu wanane: wanne wa kike, wanne wa kiume, nusu wanatumia mtandao huu wa simu na nusu ule, wote wananunua bando za siku. Ukiwa mwanamume wa tano, unakosa hata ujibu vizuri namna gani. Si kosa lako, na wiki ijayo karatasi itakuwa nyingine.

Swali la kwanza kabisa huwa ni hili: je, wewe au mtu wa nyumbani kwenu anafanya kazi kwenye matangazo, uanahabari, utafiti wa soko au kampuni za simu? Jibu likiwa ndiyo, mazungumzo huishia hapo, kwa sababu mtu huyo anaweza kupeleka siri kwa washindani au kuongea kama mtaalamu badala ya mnunuzi. La pili ni kama umehudhuria kikao chochote miezi sita iliyopita. Muda huo hutofautiana, lakini sababu ni moja: mtu aliyezoea vikao huanza kujibu anavyodhani wanataka kusikia.

Halafu yanakuja maswali ya matumizi, na hapa ndipo kuna mtego. Hatakuuliza "unanunua bando za siku?" kwa sababu kila mtu angesema ndiyo. Atakusomea orodha, yaani bando ya saa, ya siku, ya wiki, ya mwezi na waifai ya nyumbani, kisha aulize ulinunua zipi ndani ya siku saba zilizopita. Hujui anatafuta ipi. Wakati mwingine orodha ya chapa huwa na jina moja la kubuni, lisilokuwepo dukani. Ukisema unalitumia, umejitoa.

Yapo pia maswali yatakayokushangaza: nyumbani mnapikia nini, mna runinga, friji, gari, choo kiko ndani au nje? Hayo hutumika kuwapanga watu kwa hali ya maisha, kwa kuwa mteja anataka kundi moja la hali inayokaribiana. Usijipandishe ukajifanya wa Lavington, na usijishushe. Tafiti nyingi hutafuta watu wa Kayole, Githurai na Mlolongo kuliko wa mitaa ya kuta ndefu, kwa sababu sisi ndio tunaonunua hizo bidhaa ndogondogo.

Mwisho anaweza kukuuliza kitu cha ajabu kama "nitajie matumizi matano ya tofali." Hapo anapima kama wewe ni mtu wa kuongea. Ukijibu "kujenga" ukanyamaza, ataogopa kwamba utakaa mezani masaa mawili ukiitikia tu. Sema kujenga, kuzuia mlango, kupandia bomba, kuwekea jiko, kutishia mbwa. Hakuna jibu baya.

Kudanganya kwenye mchujo hakulipi, kwa sababu mchujo hurudiwa mlangoni. Siku ya kikao mtu mwingine, si msajili wako, hukuuliza baadhi ya maswali yaleyale, na pengine akakuomba umwonyeshe ujumbe wa bando uliyonunua juzi. Majibu yakigongana, unarudishwa nyumbani bila malipo, na nambari yako inaandikwa. Kampuni hutunza orodha za watu waliohudhuria na waliofukuzwa.

Sasa kama hakuna aliyekutumia meseji na unataka kuanza, usiende kulipia "kujiunga" popote. Ingia kwenye kurasa za kampuni zenyewe uone kama zinasajili washiriki, au umwombe rafiki aliyewahi kuhudhuria akupe nambari ya msajili wake. Kisha mtumie ujumbe mmoja wenye mambo anayoyapanga yeye: "Naitwa fulani, miaka 22, mume, naishi Kayole, nauza nguo za mtumba, simu yangu ni ya Android, natumia laini mbili, sina mtoto, niko huru wikendi na jioni." Nambari ya kitambulisho hapo haina kazi. Maisha yakibadilika, umepata mtoto, umehama au umenunua pikipiki, mwambie. Wazazi wa watoto wachanga na wenye bodaboda hutafutwa sana kwa tafiti zao maalumu.

Mfano: Jumamosi moja, kutoka Kayole hadi Kilimani

Tuseme ndiwe huyo kijana wa Kayole. Umepita mchujo, kikao ni saa nne asubuhi kwenye ofisi fulani Kilimani, na umeahidiwa shilingi 2,000.

Kabla ya kusema ndiyo, andika meseji moja yenye maswali manne: nalipwa ngapi, lini, kwa njia gani, na nani atakayetuma? Ongeza la tano kama ofisi iko mbali: nikifika kwa wakati nikute nafasi zimejaa, nalipwa? Swali hili lina sababu. Msajili akihitaji watu wanane huita kumi, kwa kuwa anajua kuna watakaohepa. Wote kumi wakifika, wawili hurudishwa. Kampuni inayojiheshimu huwalipa hao wawili, lakini ukiwa hukuulizia mapema hutakuwa na cha kushikilia. Majibu yawe ya maandishi. Akikujibu kwa simu, mtumie wewe meseji: "Sawa, tumekubaliana 2,000 kwa M-Pesa siku hiyohiyo, kutoka kwa kampuni." Akinyamaza au akisema ndiyo, una ushahidi.

Hesabu yako ya siku sasa. Nauli kutoka Kayole hadi tao, kisha tao hadi Kilimani, kwenda na kurudi, tuseme 300. Njia ni masaa matatu ukijumlisha jamu, kikao masaa mawili, na kungoja nusu saa. Umetumia masaa matano na nusu ubaki na 1,700. Kwa Jumamosi ambayo ungeuza nguo za 800, inalipa. Kwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo ungeuza za 3,000, haifai, na ni heri umwambie msajili mapema. Atakukumbuka kwa kumwambia. Asiyekumbukwa vizuri ni yule anayesema "niko njiani" akiwa bado kitandani.

Unafika dakika kumi na tano mapema. Mlangoni wanakuomba kitambulisho waone kama jina na umri vinalingana. Unapewa fomu ya ridhaa usome na kusaini. Ndani mko wanane, kuna chai na mandazi, na mwendeshaji anayeanza kwa kusema kwamba kuna kamera na kwamba "wenzake" wanafuatilia. Hao wenzake ni watu wa ile kampuni inayolipa, na huenda wameketi nyuma ya kioo kikubwa kinachoonekana kama cha kawaida upande wako, au wanatazama kwa video kutoka ofisini kwao.

Baada ya masaa mawili unaletewa karatasi ya malipo. Ina safu ya jina, nambari ya simu, kiasi na sahihi. Hapa tulia. Watu wengi husaini wakiwa wamesimama, mkoba begani, bila kusoma. Soma ile safu ya kiasi. Niliwahi kuketi kwenye kikao ambacho msajili alikuwa ametuambia 2,000, lakini karatasi ikasema 2,500. Nilimuuliza mwendeshaji kwa upole, mbele ya wenzangu, ipi kati ya hizo ni sahihi. Ilikuwa 2,500. Kumbe mpango ulikuwa pesa zote zitumwe kwa msajili "atugawie". Siku hiyo kampuni ilituma moja kwa moja, na sote wanane tulipata mia tano ambazo zilikuwa zimeshapata mwenyewe.

Karatasi hiyo ndiyo hesabu ambayo kampuni itampelekea mteja wake. Ukisaini 2,500 ukapokea 2,000, kwa vitabu umelipwa yote, na kudai baadaye ni kazi ngumu. Kwa hivyo piga picha ya mstari wako tu, ufunike ya wenzako, kisha usaini.

Wanachohitaji kukuhusu, na kisichowahusu

Ili kikao kiende na ulipwe, wanahitaji jina lako, umri, mtaa, majibu ya mchujo na nambari ya M-Pesa. Basi. Kikizidi hapo, uliza ni cha nini.

Kitambulisho waone mlangoni na kukurudishia. Ukiambiwa utume picha zake, mbele na nyuma, kwa WhatsApp kabla hata hujajua ofisi iko wapi, kataa. Ukiongeza na selfi umeshika kitambulisho, umempa mtu usiyemjua vitu anavyohitaji ili ajaribu kusajili laini kwa jina lako, kuomba mkopo wa apu au kuhamisha laini yako kwenye kadi nyingine. Kampuni ikisisitiza kwamba wahasibu wake wanataka nakala, toa nakala ya karatasi hukohuko ofisini, na uandike juu ya picha yenyewe kwa kalamu: "Kwa malipo ya kikao pekee," na tarehe. Nakala iliyoandikwa hivyo ni vigumu kuitumia kwingine.

Nambari ya siri ya M-Pesa na ile nambari ya uthibitisho inayoingia kwa meseji hazihitajiki kwa malipo yoyote duniani. Kupokea pesa hakuhitaji uweke nambari ya siri. Ikikuomba, wewe ndiye unayelipa.

Kama umeshawapa watu usiowaamini nambari yako ya kitambulisho, kuna mambo mawili ya kufanya leo. Piga `*106#` uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiona usiyoijua uiripoti. Ukiwa Safaricom, piga `*100*100#` ili laini yako isiweze kuhamishwa na wakala asiyekujua. Meseji za wakora za mtandao huo unaweza kuzituma bure kwa `333`.

Fomu ya ridhaa nayo isome. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumika kwa kazi gani, kuiona, kuomba isahihishwe, kupinga isitumike, na kuondoa ridhaa uliyoitoa. Kwa lugha ya mtaani, fomu nzuri hukujibu haya: ni nani anakusanya, ni ya nini, video itaonwa na nani na itakaa muda gani, na umpigie nani ukibadilisha mawazo. Ikiwa video itatumika kwenye tangazo, hiyo ni ridhaa nyingine na malipo mengine, isifichwe kwenye mstari wa mwisho. Wakikataa kukujibu kuhusu data yako, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC, kupitia tovuti yao, na sheria inawapa siku 90 kuyashughulikia.

Kuna pia siri ambazo hutoa mwenyewe bila kuulizwa. Ukionyesha meseji ya bando, usimpe mtu simu yako aitembeze kidole. Fungua ujumbe huo mmoja, uushike mwenyewe. Salio lako, mikopo yako na meseji za mamako hazimo kwenye utafiti. Ukitoa mfano wa jirani, usimtaje kwa jina, kwa sababu yeye hakusaini fomu.

Na usiuze kwa bei ya siku kitu usichoweza kubadilisha. Mnakumbuka Worldcoin mwaka 2023, foleni pale KICC, vijana wakichunguliwa mboni za macho ili wapewe sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000? Huo haukuwa utafiti wa soko, lakini somo ni lilelile. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya Wakenya ifutwe. Ilichukua karibu miaka miwili. Nambari ya simu ukijuta unaweza kuibadilisha, lakini jicho huwezi. Utafiti ukitaka alama ya kidole, sura au jicho, muulize kwa nini maneno yako hayamtoshi.

Kupata pesa yenyewe

Malipo yakitumwa na kampuni moja kwa moja, ujumbe wa M-Pesa mara nyingi huonyesha jina la kampuni au la wakala wake wa malipo. Yakitoka kwa jina la mtu, yamepitia mkononi mwa mtu, na hapo linganisha kiasi na ile picha ya karatasi uliyosaini. Kama laini yako imesajiliwa kwa jina la mzazi au ndugu, sema mapema. Jina kwenye karatasi likitofautiana na la M-Pesa, malipo hukwama ofisini kwa muda na hakuna atakayekupigia kukueleza.

Siku ya ahadi ikipita, anza na msajili, kwa meseji yenye tarehe, mahali na kiasi. Mpe siku mbili. Kisha panda ngazi: piga simu ofisi ya kampuni ya utafiti, ile nambari iliyo kwenye fomu ya ridhaa, utaje jina la mwendeshaji, siku na saa ya kikao. Usianze kwa matusi. Mara nyingi ofisi huwa imeshatuma pesa kwa msajili na haijui hazikufika. Simu yako ndiyo itakayomtoa jasho, kwa sababu msajili anayelalamikiwa hukosa kazi inayofuata. Kampuni ikiwa mwanachama wa MSRA na isipokujibu, waandikie chama hicho pia.

Majopo ya mtandaoni yana tabia zake. Unajaza savei, unapata pointi, na kuna kiwango ambacho lazima ukifikie kabla ya kutoa. Kabla ya savei ya kwanza, tafuta mambo matatu kwenye masharti yao: kiwango cha chini cha kutoa ni kipi, pointi huisha baada ya muda gani, na je, Kenya hulipwa kwa njia gani. Wengi hujaza miezi mitatu ndipo wagundue kwamba zawadi ni vocha ya duka ambalo halipo hapa. Kama ni PayPal, fungua kwa majina yaleyale yaliyo kwenye M-Pesa, kwa sababu ndipo utakapoziunganisha ili kutoa. Na usitumie VPN kujifanya uko Marekani upate savei nono. Mfumo unaweza kukuacha ujaze kwa wiki, kisha ukaguzi ufanywe siku unayobonyeza kitufe cha kutoa pesa, na akaunti ifungwe na pointi zote ndani.

Wakora nao wana mtindo unaojirudia. Wa kwanza anakuomba 200 au 500 za "usajili" au "fomu". Hakuna utafiti halali unaomtoza mshiriki. Wa pili ni mjanja zaidi: anakuingiza kwenye kikundi cha Telegram, anakupa kazi ndogo ya kubonyeza video, na kwa kweli anakutumia 150. Kesho anakutumia tena. Siku ya tatu anakwambia uweke 1,000 upate 1,500, na hapo ndipo zile 150 zinarudi kwake na faida. Wa tatu anajiita mtafiti, anakuuliza maswali mengi matamu, kisha mwishoni anakuuzia bima au ploti. Mtafiti hauzi kitu. Kwenye utafiti pesa hutembea upande mmoja tu, kuja kwako.

Usiifanye kuwa mshahara, maana ile kanuni ya miezi sita ipo palepale. Kampuni moja ikikuita mara mbili kwa mwaka, imekupenda. Ukijulikana na wasajili wa kampuni tatu au nne, hivyo ni vikao vichache kwa mwaka na savei za kredo katikati. Kikao kimoja hakitalipa kodi ya nyumba, lakini kinaweza kulipia stima na waifai ya mwezi.

Kwa hivyo ile meseji ikiingia tena, usiifute na usiikimbilie. Uliza jina la kampuni, pigia ofisi yao, kisha tuma yale maswali manne: ngapi, lini, kwa njia gani, na kutoka kwa nani. Msajili wa kweli hujibu yote kwa dakika tano, kwa kuwa Jumamosi inakaribia na bado anatafuta watu wanane. Mkora atakuambia unauliza maswali mengi.